Wenzangu kazini wananiuliza lini nitarudi kuwa kama zamani. Niwajibu nini?

BintiMtambwe
Asalaam aleikum jamani. Nafanya kazi risepsheni kwenye hoteli moja ya ufukweni, mashariki ya Unguja. Mama yangu alifariki mwezi wa Shaaban, tukamzika kwetu Pemba. Nilikaa huko mpaka tanga likaanuliwa, nikarudi kazini.

Tangu hapo haipiti wiki ila mtu ananiuliza. "Utachangamka lini?" "Yule dada tunayemjua sisi yuko wapi?" Mwanzo nilikuwa nasema inshaallah, niombeeni. Sasa wanaiulizia furaha yangu kama wanaodai deni la dukani. Asubuhi kwenye gari la wafanyakazi mimi ndiye nilikuwa msema sana, nawaiga wageni wa jana, watu wanacheka njia nzima. Siku hizi nakaa dirishani, basi.

Juzi supavaiza wangu kanisemesha mbele ya wenzangu, na mgeni kasimama pale pale kaunta: "Dada, utarudi lini kuwa kama zamani? Risepsheni ni uso." Nikanyamaza, nikaendelea na mgeni wangu.

Kazi nafanya. Bukingi naingiza, wageni nawapokea, sichelewi. Sitaki ugomvi na mtu, na sitaki kusema uongo. Nyinyi mnawajibuje watu kama hawa?

Kidau_Mtende
Pole sana dada, Mungu amlaze mama mahali pema. Kuhusu likizo ya msiba, nenda ofisini ukaulize mkataba wako unasemaje, na uandike barua. Wasikunyime haki yako.

BintiMtambwe
Ahsante kaka. Likizo nilipewa na imeshakwisha, hapo sina lalamiko. Nimesharudi kazini. Naulizia maneno ya kuwajibu.

Kidau_Mtende
Aa, nimekufahamu sasa. Hapo mimi sina la kusema, nakaa nisome.

Shekhe_Mdogo
Dada yangu, pole. Lakini tuambiane ukweli. Dini imeweka mpaka. Mwanamke hakai matanga zaidi ya siku tatu, isipokuwa kwa mumewe, miezi minne na siku kumi. Hadithi hii ni sahihi, imo katika Bukhari na Muslim. Wenzako pengine wanakukumbusha jambo la kheri bila kujua. Jikaze, subira ina malipo.

Mwalimu_wa_Chuoni
Shekhe, hadithi ni sahihi, sina ubishi. Ila tazama inazungumza nini. Inazungumza kukaa matanga: kuacha manukato, hina, mapambo, kujizuia na mambo ya kawaida kwa ajili ya maiti. Huyu dada hakusema amekaa matanga. Karudi kazini, kavaa sare yake, anahudumia watu. Kilichobaki ni moyo, na moyo haukuwekewa siku tatu. Mtume (s.a.w.) alipofiwa na mwanawe Ibrahim alilia, akasema jicho linatoka machozi na moyo unahuzunika, na hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Na Nabii Yaakub alimlilia Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe, na Qur'ani yenyewe inamtaja kwa subira njema. Kuhuzunika na kukosa subira ni mambo mawili.

Shekhe_Mdogo
Sikatai mwalimu. Nilichokusudia ni kwamba mtu asijiachie. Hapo nasimama.

Mama_wa_Kikwajuni
Mimi nitaleta langu. Nilifiwa na mume, nikakaa eda yangu yote. Wakati wa eda hakuna aliyeniuliza nitarudi lini, kila mtu alijua hesabu. Shida ilianza siku niliyotoka. Watu walikuja na hina na udi, wakafurahi, na mimi nikafurahi nao. Jumatatu yake nikaingia ofisini, wenzangu wakanipokea kama niliyetoka safari: haya, bibi karudi! Walidhani eda ikimalizika na huzuni imemalizika. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa naanza kujua kwamba mtu harudi.

Nikakuelewa wewe mtoto hapo hapo uliposema. Mjane ana miezi yake minne na siku kumi ya kumkinga, mtu akimuuliza anamjibu "niko edani", na kila mdomo unafunga. Mtoto aliyefiwa na mama hana jibu kama hilo. Siku ya nne yuko kazini anatakiwa acheke.

Zamu_ya_Asubuhi
Nataka kusema kwa upande wa pili, msinirukie. Mimi nasimamia watu kwenye hoteli, si hiyo ya dada, nyingine. Mtu wangu akifiwa, na mimi pia naulizwa huko juu: mtu wako vipi, umpange wapi? Nikimuuliza "lini utakuwa sawa" wallahi si kwamba nataka kumharakisha. Nataka kujua rosta. Nimweke kaunta peke yake wikiendi ya watu wengi, au nimpe mwenzake? Asiponiambia kitu nabaki kukisia, na nikikisia vibaya tunaumia wote.

Halafu kwenye semina moja tulifundishwa kuna hatua tano: kukataa, hasira, kubembeleza, unyonge, kukubali. Sasa nikijua mtu yuko hatua ya ngapi si naweza kukadiria zimebaki ngapi?

Bi_Mkubwa_Nesi
Nimekaa nasoma, sasa na mimi niseme. Nimestaafu unesi, na miaka mingi nilikuwa hospitali ya akili ya Kidongo Chekundu, kwa hiyo watu waliofiwa nimekaa nao sana.

Kwanza wewe wa zamu. Hizo hatua tano zilitoka kwa daktari Elisabeth Kübler-Ross, mwaka 1969, na alizipata kwa kuzungumza na wagonjwa mahututi waliokuwa wanakabili kifo chao wenyewe. Baadaye ndiyo zikapelekwa kwa waliofiwa, na huko kwenye semina zimegeuzwa ngazi. Watu hawapandi ngazi. Katika niliowaona, wapo ambao hawakukasirika hata siku moja, na wapo waliokuwa wazima miezi mitatu halafu wakaanguka siku ya Idi. Ukimkadiria mtu kwa hatua utamwona amerudi nyuma, kumbe hakuna nyuma wala mbele.

Kinacholingana zaidi na niliyoyaona ni walichoandika Margaret Stroebe na Henk Schut mwaka 1999. Wanasema aliyefiwa anakwenda na kurudi. Saa hii yuko na maiti wake, anamkumbuka, analia. Saa ijayo yuko na dunia, analipa umeme, anapika, anacheka na mtu. Na kwenda na kurudi huko ndiko kupona kwenyewe, wala si ishara kwamba kashindwa. Kwa hiyo binti anaweza kumchekesha mgeni saa nne na saa nane akawa hatazamiki, na zote mbili ni kweli.

Sasa wewe mwanangu. Wanaokuuliza hawaulizi kitu kimoja, ingawa maneno ni yale yale. Supavaiza anauliza kazi. Wale wa kwenye gari wanauliza kicheko chao, kimewapotea. Na pengine yupo mmoja wa karibu anayekuulizia wewe hasa. Ukiwapa wote jibu moja, mmoja utamnyima na mwengine utampa zaidi ya haki yake.

BintiMtambwe
Ewallah bibi, hapo umenigusa. Mimi nilikuwa nawajibu wote "niko sawa, Alhamdulillah".

Bi_Mkubwa_Nesi
"Niko sawa" ina gharama yake. Ukiisema mara nyingi watu wanaiamini, halafu siku utakayotoka chooni macho mekundu watatafuta sababu mpya: kagombana na nani, kaachwa, kafukuzwa? Na "bado kidogo" ni mbaya zaidi, kwa sababu ni ahadi. Baada ya kidogo watarudi kudai.

Supavaiza mpe tarehe, lakini tarehe ya kazi. Ya moyo usimpe, maana huna. Kabla hujamwendea, kaa utazame kwanza ni kitu gani hasa kimebadilika kazini. Usiseme "sijisikii vizuri", hilo hana pa kulipeleka. Niambie mimi hapa: unalala? Unasahau? Kelele unazivumilia? Saa ipi ya zamu ni nzito?

BintiMtambwe
Nalala, lakini saa tisa usiku naamka, na hapo silali tena mpaka alfajiri. Kusahau, ndiyo. Mgeni ananiambia jina, nikigeukia kompyuta limeshatoka, inabidi nimuulize tena. Kwa hiyo naandika kila kitu kwenye karatasi. Kelele si neno.

Saa nzito ni ile ya mchana wageni wanapoingia kwa mkupuo. Mama alikuwa ananipigia simu baada ya adhuhuri, kila siku ya Mungu. Nilikuwa nampokea dakika mbili nyuma ya kaunta. Sasa saa ile simu ikilia ya hoteli mkono unatangulia.

Kidau_Mtende
Subhanallah.

Bi_Mkubwa_Nesi
Basi umeshajijibu. Hayo ni mambo yanayopangika. Kusahau majina baada ya msiba ni kawaida kabisa, kichwa kimejaa na usingizi ni pungufu. Karatasi yako ni dawa nzuri, endelea nayo. Ile saa ya adhuhuri unaweza kuomba ndiyo iwe mapumziko yako, mwenzio ashike kaunta, na wewe umshikie saa yake.

Mfuate faragha, si mbele ya kaunta, na si siku mmekosana. Mwambie kama hivi, kwa maneno yako: "Kaka, uliniuliza lini nitakuwa kama zamani. Hilo sina tarehe yake, na sitaki kukudanganya. Ila kazi naweza kukuambia. Kupokea wageni, bukingi na simu nafanya kama kawaida. Naomba mapumziko yangu yawe baada ya adhuhuri, na nikifunga hesabu za zamu mwenzangu anipitishie jicho. Tufanye hivyo mpaka mwisho wa mwezi, halafu tukae tena tuone." Tena mwishoni mwambie moja: "Na likiwepo la kuniambia, niite pembeni."

Zamu_ya_Asubuhi
Mtu wangu akiniletea hayo nambusu mkono. Hapo nina cha kuandika kwenye rosta. Nyongeza yangu moja: aseme na yale ambayo hataki aondolewe. Sisi wasimamizi tukimwonea mtu huruma tunampokonya kazi, tunamtoa mbele tunamweka stoo, tukidhani tunamsaidia.

BintiMtambwe
Kaka hilo kweli. Mimi kaunta naitaka. Nikikaa ofisi ya nyuma peke yangu ndiyo nazama.

Kijana_wa_Konde
Mimi naona mnajipa kazi bure. Mtu akiniuliza lini nitakuwa sawa namjibu: "Mama yako akifa utajua." Hauliziki tena swali, hakika.

Mama_wa_Kikwajuni
Hee, mwanangu! Hayo si maneno ya kumtolea mtu. Na siku mama yake akifa kweli utakaa wapi?

Kijana_wa_Konde
Nimetania bibi. Lakini kuna watu hawasikii mpaka uwakate. Jirani yetu wa kazini aliulizwa hivyo hivyo mpaka akahama idara.

Mama_wa_Kikwajuni
Kuwakata kupo, lakini kuna namna. Mimi wale wa ofisini niliwaambia: "Msinisubiri nirudi, nikaribisheni hivi nilivyo. Hadithi zenu nazipenda, ila leo nasikiliza." Baadhi walifahamu. Mmoja hakufahamu mpaka leo.

Bi_Mkubwa_Nesi
Umesema vizuri dada. Wale wa kwenye gari hawahitaji maelezo ya usingizi wako wala ya simu ya mama. Wanahitaji kujua wafanye nini, kwa sababu ukimya wako unawatia hofu kwamba wamekukosea. Wape kazi ndogo: "Endeleeni kuchekesha, mimi nikinyamaza si kwamba nimechukia." Inatosha. Anayerudia wiki ijayo, rudia sentensi ile ile neno kwa neno, usiongeze hata moja. Ukianza kuongeza unafungua mjadala.

Na yule wa karibu, kama yupo, huyo ndiye wa kumwambia ukweli wote. Mmoja tu kazini anatosha. Huyo ukimpa jicho anakushikia kaunta, hakuulizi.

Mgeni_wa_Bara
Habari zenu. Mimi natokea Dodoma, nafanya kazi huku Paje. Samahani kama nitauliza la kijinga. Sisi wageni hatujui desturi za huku. Mwenzangu alifiwa, nikaona siku tatu watu wamejaa, wamesoma hitma, kisha kila mtu karudi kazini. Nikadhani ndiyo imekwisha. Nikamuuliza kama hivyo mnavyosema. Sasa ningesema nini?

Mwalimu_wa_Chuoni
Karibu ndugu, si la kijinga. Na hata wenyeji wanateleza hapo hapo. Msiba wetu una saa zake: mazishi siku ile ile ikiwezekana, siku tatu za tanga, kisomo, wengine na arubaini. Kila kimoja kina mwisho wake unaoonekana, mikeka inakunjwa, sufuria zinarudishwa kwa majirani. Mtu anaona mikeka imekunjwa anadhani na jambo limekunjwa. Wewe badala ya "lini" muulize "leo vipi?" Leo lina jibu. Au usiulize, mtaje marehemu tu, "namkumbuka mama yako alivyotuletea ndizi". Wengi wanapenda mtu wao atajwe.

Mgeni_wa_Bara
Nimeelewa. Ila "leo vipi" kila siku nayo si itachosha?

Mwalimu_wa_Chuoni
Itachosha, ndiyo. Hapo sina dawa.

Zamu_ya_Asubuhi
Bi Mkubwa, swali langu la mwisho. Nitajuaje kwamba imepita huzuni ya kawaida, mtu anahitaji daktari? Maana nisije nikasema "muacheni" kumbe anazama.

Bi_Mkubwa_Nesi
Swali zuri. Upo ugonjwa wa huzuni iliyokwama, sasa umo kwenye vitabu vya madaktari. Shirika la Afya Duniani linataka iwe imepita angalau miezi sita, Wamarekani wanasema mwaka kwa mtu mzima. Lakini usihesabu miezi peke yake. Tazama kama hamu ya marehemu inamshika karibu kila siku mpaka hawezi kuishi: kazi imemshinda, watoto wamemshinda, anakwepa kila kinachomkumbusha au haachi hata dakika, haamini kwamba kifo kimetokea. Na vilevile wanasema izidi ile ambayo desturi na dini ya watu wake inaitegemea.

Binti huyu anafanya kazi, anawapokea wageni, anaamka saa tisa. Huyo anahuzunika, haumwi. Ila mtu akisema anatamani amfuate marehemu, na haisemi kama msemo, anaikusudia, au akiacha kula na kuoga, hapo hakuna kusubiri miezi sita. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake.

Shekhe_Mdogo
Na asomewe pia.

Bi_Mkubwa_Nesi
Asomewe, na apelekwe. Vyote viwili.

BintiMtambwe
Jamani narudi na habari. Nimezungumza na supavaiza, tumekaa nyuma ya jiko. Nilivyoanza "hilo sina tarehe yake" akainamisha kichwa, kumbe na yeye kafiwa na baba mwaka juzi na hakuna aliyejua. Mapumziko kanipa, si baada ya adhuhuri kamili, saa nane kasorobo, kwa sababu kabla ya hapo watu wa kushika kaunta ni wachache. Nimekubali. Kaunta kaniachia. Kuhusu kunisemesha mbele ya wageni hakuomba radhi, alisema tu "nimesikia".

Kwenye gari nikasema ile ya kunyamaza si kuchukia. Wengi wamepoa. Kuna mmoja wa mgahawani leo tena: "Haya dada, bado tu?" Nikarudia sentensi yangu neno kwa neno kama bibi alivyosema. Akasema "mh, umekuwa rekodi". Sasa huyo sijui.

Kijana_wa_Konde
Huyo niachie mimi.

Mama_wa_Kikwajuni
Konde, tulia.

Bi_Mkubwa_Nesi
Atachoka, au hatachoka. Si kila mtu utamfundisha. Lakini mwanangu, Idi kubwa inakuja, na ya kwanza bila mama huwa nzito. Umeshaifikiria? Usingoje siku yenyewe.

BintiMtambwe
Nilikuwa nataka niende Pemba, nikazuru kaburi na nikae na wadogo zangu. Lakini Idi hoteli inajaa, naona aibu kuomba tena.

Zamu_ya_Asubuhi
Omba sasa, rosta haijatoka. Mwambie siku ngapi unataka na nani atakushikia, umletee na jina la mtu aliyekubali. Ukimletea wiki ya mwisho hata mimi ningekukatalia, na si kwa ubaya. Na kama wewe husherehekei mwaka huu, toa siku za mwaka mpya wa wazungu ubadilishane, hizo hakuna anayezitaka.

BintiMtambwe
Mwaka mpya nafanya, hata zamu mbili. Kesho namwambia.

Kidau_Mtende
Na boti ya Mkoani kata tiketi mapema dada, Idi zinakwisha. Mimi mwaka jana nilibaki bandarini na mbuzi wangu.